Jozi moja, kanuni mbili: namna ya kutatua milinganisho ya namba

Swali la mlinganisho wa namba huandikwa kwa ufupi: 81 : 9 :: 64 : ?. Maana yake ni kwamba 81 ina uhusiano fulani na 9, na mtahiniwa anatakiwa kutafuta namba ambayo 64 itakuwa na uhusiano huohuo nayo. Maswali ya aina hii hujaa kwenye karatasi za kupima uwezo wa kufikiri, na mara nyingi uhusiano wenyewe huwa mmoja kati ya mitatu: kipeo cha pili au kipeuo chake, kipeo cha tatu au kipeuo chake, au jumla ya tarakimu za namba. Hesabu inayohitajika ni ndogo. Kinachowaangusha watahiniwa wengi ni kudhani kwamba kanuni ya kwanza waliyoiona ndiyo kanuni pekee inayoikubali jozi waliyopewa.

Swali hilo la 81 na 9 ni mfano mzuri, na nitalitumia kwa sababu lilizua mabishano ya kweli kwenye darasa la jioni ninalolifundisha hapa Tanga, maeneo ya Ngamiani. Lilikuwa kwenye karatasi ya nakala iliyonunuliwa steshenari, likiwa na machaguo manne: A 6, B 8, C 10, D 16. Binti mmoja wa kidato cha nne alijibu 8, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 81 ni 9 na kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Kijana aliyeketi nyuma yake alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, mimi nimepata 10. Nane na moja ni tisa. Sita na nne ni kumi."

"Sasa mwanangu, mwenzako amekosea wapi?" nilimuuliza.

Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema kwamba haoni kosa la mwenzake. Alikuwa sahihi, kwa sababu kosa halikuwa la yeyote kati yao wawili. Jozi 81 : 9 inazikubali kanuni zote mbili kwa usawa, na aliyetunga swali aliziweka 8 na 10 pamoja kwenye machaguo, pengine bila kujua, au pengine aliiweka 10 kama mtego huku akiamini kwamba ni jibu lisilo na msingi.

Tuitazame jozi hiyo kwa utulivu. Kutoka 81 kwenda 9 kuna angalau njia nne ambazo mtu yeyote anaweza kuziona: kutafuta kipeuo cha pili, kujumlisha tarakimu, kugawanya kwa 9, na kutoa 72. Zote nne ni za kweli kwa jozi ya kwanza. Tofauti yake hujitokeza tunapozipeleka kwenye 64. Kipeuo cha pili kinatoa 8. Jumla ya tarakimu inatoa 10. Kugawanya kwa 9 kunatoa 7 na baki ya 1, yaani si namba nzima, na kutoa 72 kunatoa namba hasi. Mbili za mwisho zinaondolewa na namba ya tatu yenyewe, kabla hata hatujayatazama machaguo. Mbili za kwanza zinabaki.

Namba ya tatu, basi, haipo kwenye swali kwa ajili ya kupokea kanuni tu, bali pia ni kipimo cha kanuni. Mtahiniwa mzuri huandika pembeni kanuni mbili au tatu zinazoikubali jozi ya kwanza, kisha huzipitisha zote kwenye namba ya tatu na kuona ipi inatoa namba nzima yenye ukubwa wa kawaida. Akiishia kwenye kanuni moja, amemaliza. Akibaki na mbili, ndipo anapohitaji machaguo, na machaguo yakizikubali zote mbili, inabidi afanye kazi ngumu zaidi ya kupima nia ya mtungaji.

Kwa nini 81 ina tabia hii? Ukiandika vipeo vya pili vyote vyenye tarakimu mbili, yaani 16, 25, 36, 49, 64 na 81, kisha ukajumlisha tarakimu za kila kimoja, utapata 7, 7, 9, 13, 10 na 9. Vipeuo vyake ni 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Mahali pekee ambapo orodha hizi mbili zinakutana ni kwenye 81. Mtungaji angechagua 49 : 7 au 36 : 6, ubishi wa darasani usingekuwepo, kwa sababu tarakimu za 49 zina jumla ya 13 na si 7. Katika vipeo vya tatu vyenye tarakimu tatu namba yenye tabia hiyohiyo ni 512: kipeuo chake cha tatu ni 8, na 5 + 1 + 2 pia ni 8. Kwa hiyo swali 512 : 8 :: 343 : ? lina ugonjwa uleule, kwani kipeuo cha tatu cha 343 ni 7 ilhali jumla ya tarakimu zake ni 10. Nawashauri wanafunzi waikumbuke 81 na 512 kwa pamoja, na kila wanapoziona zikiwa mwanzo wa jozi wajue kwamba kuna kanuni mbili zinazopaswa kupimwa.

Tukirudi kwenye karatasi ile, mtahiniwa angefanya nini? Hawezi kumwita mtungaji. Maoni yangu ni kwamba angechagua 8, na sababu yake iko katika uteuzi wa namba. Mtu anayetaka kupima jumla ya tarakimu ana uhuru wa kuchagua namba yoyote, mathalani 57 au 92, na hana haja ya namba ambayo ni kipeo cha pili. Mtu anayetaka kupima kipeuo cha pili hana uhuru huo, bali analazimika kuchagua vipeo vya pili kwa namba ya kwanza na ya tatu. Tunapoona 81 na 64 zikiwa pamoja, na zote mbili ni vipeo vya pili, kanuni ya kipeuo inaeleza kwa nini namba hizo ziliteuliwa, ilhali kanuni ya jumla ya tarakimu inatuomba tuamini kwamba zimekutana kwa bahati. Huu ni ushahidi wenye uzito, lakini haujafikia uthibitisho, na mwalimu anayesahihisha swali kama hilo angepaswa kumpa alama hata yule aliyejibu 10 iwapo ameandika njia yake.

Sasa tuchukue jozi yenye ugumu zaidi, ambamo kipeo cha pili na jumla ya tarakimu vinaingiliana ndani ya kanuni moja: 25 : 49 :: 36 : ?. Wengi huona upesi kwamba 25 ni kipeo cha pili cha 5 na 49 ni kipeo cha pili cha 7, wakasema kipeuo kimeongezwa 2. Kwa njia hiyo 36, ambayo kipeuo chake ni 6, inapelekwa kwenye 8, na jibu linakuwa 64. Lakini iko njia nyingine ambayo ni safi vilevile. Tarakimu za 25 zina jumla ya 7, na kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kwa njia hii 36 ina jumla ya 9, na jibu linakuwa 81. Yupo pia atakayesema kwamba 49 imezidi 25 kwa 24, hivyo 36 inaongezwa 24 na kupata 60.

Hapa kipimo cha uteuzi wa namba hakitusaidii kama kilivyotusaidia mwanzo. Ni kweli kwamba 36 ni kipeo cha pili, jambo linaloipa nguvu kanuni ya kwanza, lakini kanuni ya pili ina nguvu yake, kwa kuwa haihitaji namba yoyote ya kuletwa kutoka nje. Kanuni ya kwanza inasema "ongeza 2", na mtu anaweza kuuliza hiyo 2 imetoka wapi. Kanuni ya pili inatumia namba yenyewe peke yake: chukua tarakimu zake, zijumlishe, zidisha jumla hiyo kwa jumla hiyo. Ninapopima kanuni mbili zinazogongana, huipa uzito ile ambayo haina namba ya kubuni ndani yake, na uzito hupungua kadiri namba ya kubuni inavyozidi kuwa kubwa au ya ajabu. Kuongeza 24 ni dhaifu kuliko zote tatu kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kati ya 64 na 81 nisingethubutu kuamua bila machaguo, na machaguo yakiwa nazo zote mbili ningesema wazi kwamba swali ni bovu.

Angalia namna swali hilohilo linavyobadilika ukiigusa namba ya tatu peke yake. Ukiandika 25 : 49 :: 34 : ?, kanuni ya kuongeza 2 kwenye kipeuo inakufa papo hapo, kwa kuwa 34 haina kipeuo cha pili ambacho ni namba nzima. Kanuni ya jumla ya tarakimu inaendelea kuishi: 3 + 4 ni 7, na jibu ni 49 tena. Wanafunzi hulikataa jibu hilo kwa kuwa 49 imeshatumika upande wa kwanza, na wanaona kama haiwezekani jozi mbili zikaishia mahali pamoja. Inawezekana kabisa, kwani 25, 34, 43, 52, 16, 61 na 70 zote zina jumla ya tarakimu ya 7, na zote zinapelekwa kwenye 49.

Ukiandika 25 : 49 :: 64 : ?, jambo la tatu hutokea. Kipeuo cha 64 ni 8, ukiongeza 2 unapata 10, na kipeo cha pili cha 10 ni 100. Jumla ya tarakimu za 64 ni 10, na kipeo chake cha pili ni 100. Kanuni mbili tofauti, jibu moja. Katika vipeo vya pili vyenye tarakimu mbili hili hutokea kwa 25 na 64 tu. Kwa hiyo swali hili lina utata ndani yake, lakini utata huo haumdhuru mtahiniwa, kwani njia zote mbili zinamfikisha kwenye 100. Kuna maana kubwa katika jambo hili kwa mtu anayejisahihisha mwenyewe nyumbani: kupata jibu lililo kwenye ufunguo wa majibu hakuthibitishi kwamba ulitumia kanuni aliyoikusudia mtungaji, na anayefurahia 100 leo anaweza kushangaa kesho atakapokutana na 36.

Iko hatari nyingine inayohusu jumla ya tarakimu, nayo ni kutojua pa kusimama. Tarakimu za 49 zina jumla ya 13, na 13 nayo ina tarakimu mbili, 1 na 3, zenye jumla ya 4. Je, tusimame kwenye 13 au tuendelee mpaka tarakimu moja? Jozi 25 : 49 haiwezi kutujibu, kwa kuwa jumla ya kwanza, yaani 7, tayari ni tarakimu moja. Namba ya tatu ikiwa 49, anayesimama mara moja atajibu 169, ambayo ni kipeo cha pili cha 13, na anayeendelea atajibu 16, ambayo ni kipeo cha pili cha 4. Yule wa kuongeza 2 kwenye kipeuo atajibu 81. Desturi ya maswali haya ni kujumlisha mara moja tu isipokuwa jozi ya kwanza ionyeshe vinginevyo, na mimi huifuata desturi hiyo.

Aina inayofuata ni ile ambayo namba ya pili iko karibu na kipeo bila kuwa kipeo chenyewe. Chukua 6 : 222 :: 7 : ?. Njia ya kuishughulikia ni kuandika vipeo viwili vya namba ya kwanza, cha pili na cha tatu, na kuona kipi kiko jirani na namba ya pili. Kipeo cha pili cha 6 ni 36, kilicho mbali. Kipeo cha tatu ni 216, kilicho jirani, na tofauti iliyobaki ni 6. Tofauti hiyo ndiyo ya kuchunguzwa, na hapa ni namba ya kwanza yenyewe. Kanuni ni kuchukua kipeo cha tatu na kuongeza namba yenyewe, hivyo 7 inatoa 343 + 7, yaani 350. Mpinzani wake ni kuzidisha kwa 37, kwa kuwa 6 × 37 pia ni 222, na kwa 7 mpinzani huyo anatoa 259. Lakini hiyo 37 ni namba ya kubuni ya waziwazi, haina asili yoyote ndani ya swali, ndiyo maana sioni shida kuiacha.

Shida huanza namba ya kubuni inapokuwa ndogo. Katika 7 : 56 :: 9 : ?, kipeo cha pili cha 7 ni 49, tofauti ni 7, na kanuni ya kipeo cha pili pamoja na namba yenyewe inatoa 81 + 9, yaani 90. Mtoto wa darasa la nne ataona jambo jingine kabla ya hilo: 7 × 8 ni 56, hivyo 9 × 8 ni 72. Namba ya tatu haimkatai yeyote, kwa kuwa zote mbili zinatoa namba nzima. Wala haisaidii kusema kwamba 8 ni ya kubuni, kwani kuzidisha kwa 8 ni jambo la kawaida mno kwenye jedwali la kuzidisha. Hapa machaguo peke yake ndiyo yanayoamua. Ikiwemo 90 na isiwemo 72, jibu ni 90. Ikiwemo 72 na isiwemo 90, jibu ni 72. Zikiwemo zote, kisa ni kile cha karatasi ya darasani kwangu.

Jumla ya tarakimu ina kazi ya pili ambayo watahiniwa wachache huitumia, nayo ni kukagua jibu. Namba yoyote na jumla ya tarakimu zake huacha baki ileile zikigawanywa kwa 9, kwa sababu 10, 100 na 1,000 zote huacha baki ya 1. Matokeo yake ni kwamba, ukijumlisha tarakimu mpaka ibaki moja, kipeo cha pili cha namba nzima lazima kiishie kwenye 1, 4, 7 au 9, na kipeo cha tatu lazima kiishie kwenye 1, 8 au 9.

Tuseme swali ni 12 : 1,728 :: 13 : ?, na machaguo ni 2,187, 2,179, 2,097 na 2,197. Namba 1,728 ni kipeo cha tatu cha 12, hivyo tunahitaji kipeo cha tatu cha 13. Badala ya kuzidisha, tunaichukua 13, ambayo tarakimu zake zina jumla ya 4. Kipeo cha tatu cha 4 ni 64, na 64 inashuka hadi 10, kisha hadi 1. Jibu lazima liishie kwenye 1. Machaguo 2,187 na 2,097 yote yana jumla ya 18, yanashuka hadi 9, na yanaondoka. Yaliyobaki, 2,179 na 2,197, yana jumla ya 19 na yanashuka hadi 1. Ukaguzi huu hauwezi kuyatenganisha, kwa kuwa yana tarakimu zilezile zilizobadilishana nafasi, na kubadilishana nafasi hakubadilishi jumla. Kwa hiyo tunatazama tarakimu ya mwisho: 3 ikizidishwa kwa 3 na tena kwa 3 inatoa 27, hivyo kipeo cha tatu cha 13 lazima kiishie na 7. Namba 2,179 inaondoka na 2,197 inabaki.

Lakini ukaguzi huu hukataa tu, hauthibitishi. Namba 217 inashuka hadi 1 na kufaulu kipimo cha vipeo vya tatu, ilhali si kipeo cha tatu cha namba nzima yoyote, bali ni 216 iliyoongezwa 1. Mtahiniwa aliyeizoea njia hii kupita kiasi anaweza kulichagua jibu bovu kwa sababu tu limevuka kichungio. Pale ambapo swali linahusu kipeo pamoja na kitu kingine, kama 350 ya hapo juu, ni lazima kwanza atoe kile kilichoongezwa ndipo akague kilichobaki.

Kwa walimu wenzangu wanaotunga maswali haya, dawa ya jozi yenye kanuni mbili ni nafuu. Kabla ya kuandika machaguo, andika kila kanuni unayoweza kuiona kwenye jozi ya kwanza, ipitishe kwenye namba ya tatu, kisha uone ni majibu mangapi yanasimama. Yakisimama mawili tofauti, ni afadhali kubadili namba ya tatu kuliko kuficha jibu moja, kwani mwanafunzi aliyepata jibu halali na kutoliona kwenye machaguo hupoteza muda akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Kwa anayetaka jumla ya tarakimu, 81 : 9 :: 57 : ? inatosha, na jibu ni 12, kwa kuwa 57 haina kipeuo ambacho ni namba nzima. Kwa anayetaka kipeuo cha pili, na anataka kuibakiza 81, jozi mbili za mwanzo zinafanya kazi vizuri zaidi: 81 : 9, 49 : 7 :: 64 : ?. Tarakimu za 49 zina jumla ya 13, hivyo kanuni ya jumla inakuwa imeondolewa kabla mtahiniwa hajaifikia 64, na 10 inaweza kubaki kwenye machaguo kama mtego halali.